Kaka mkubwa amejitoa kwenye mirathi ya baba, fungu lake linakwenda wapi?

Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa pekee kwetu, nina kaka watatu, tupo Tandika. Baba alifariki mwaka jana, sisi ni Waislamu, kaacha nyumba moja ambayo dalali kasema ina thamani kama milioni 120 hivi na ina wapangaji. Mama yupo hai na anaishi humo humo. Kaka mkubwa yuko Maskati siku nyingi, amesema yeye hataki kitu, "mimi najitoa, mengine mtajua wenyewe". Sasa kaka wa pili ndo msimamizi wa mirathi, kaandaa karatasi ya kujitoa kaituma kwa wasapu ili kaka mkubwa asaini, alafu kapiga hesabu kuwa kwavile mkubwa hayupo tena basi mama anapata milioni 15, wao wawili 42 kila mmoja, mimi 21. Mama kanyamaza tu ila namuona hana raha. Nilipompigia kaka mkubwa kumuuliza akashangaa, akasema yeye nia yake fungu lake liende kwa mama. Kaka wa pili anasema haiwezekani, mtu akijitoa kajitoa, hachagui nani apate, na pia anasema atamtumia kaka milioni 10 "ya shukrani" ili mambo yaishe. Mahakama inasubiri hesabu ya mgawanyo. Naogopa pia mke wa kaka baadae aje adai. Nani yuko sahihi?

*

Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba.

Kaka yako wa pili amekosea mara mbili, kwenye hesabu na kwenye sheria, na nashukuru umeandika kabla karatasi haijasainiwa maana hapo bado kila kitu kinarekebishika kwa simu moja tu.

Tuanze na hili la "kajitoa, hayupo tena". Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ndo mahakama itaitumia kwa mirathi ya baba yenu, mrithi hachagui kuwa mrithi. Ile dakika baba alipokata roho, fungu la kila mmoja wenu liliingia kwenye milki yake apende asipende, ila madeni ya marehemu na wasia kama upo ndo vinatangulia kutolewa. Kwaiyo kaka yenu wa Maskati tayari ana mali Tandika, hata kama hajawahi kuitia mkononi. Anaposema najitoa, maana yake ni mtu mwenye mali anataka kuiachia mali yake. Na mtu mwenye mali ndo anayesema inakwenda kwa nani, si msimamizi.

Sasa hesabu. Baba kaacha mke, watoto wa kiume watatu na wa kike mmoja. Mke akiwa na watoto wa marehemu anapata thumni, yani moja ya nane. Saba ya nane zilizobaki ni za watoto, mwanaume mafungu mawili na mwanamke moja, mafungu ya watoto yanakuwa saba. Hapo familia yenu ina bahati ya hesabu nyepesi, nyumba nzima inagawika sehemu nane sawasawa: mama moja, kila kaka mbili mbili, wewe moja. Kwa bei ya dalali kila sehemu ni milioni 15. Mama 15, kaka watatu 30 kila mmoja, wewe 15. Hii ndo hesabu ya mwanzo na haibadiliki kwa mtu kujitoa, iandikeni kwenye karatasi kubwa muiweke mezani.

Kaka wa pili yeye alichofanya ni kumfuta mkubwa kabisa kama hajazaliwa, akampa mama thumni yake 15 kisha milioni 105 akazigawa kwa mafungu matano ya nyie mliobaki, ndo akapata 42, 42 na 21. Ukiitazama haraka inaonekana sawa sababu jumla inafika 120. Lakini kosa lake utaliona ukijaribu njia hiyo hiyo kwenye familia nyingine. Chukua mtu kafa kaacha mke, mtoto wa kiume mmoja tu, na kaka yake yeye marehemu, yani amu wa huyo mtoto. Mtoto wa kiume anamzuia amu, amu hapati hata senti, mke anachukua thumni na mtoto kila kilichobaki. Sasa yule mtoto akisema najitoa, na sisi tukamfuta kama hajazaliwa, ghafla marehemu anakuwa hana mtoto, mke anapanda kutoka moja ya nane mpaka moja ya nne na amu anazoa robo tatu ya mali! Yani kwa neno moja la mtoto tumemwingiza mtu ambaye siku ya kifo hakuwa na haki yoyote. Hakuna mwanachuoni wa mirathi atakayekubali hilo. Mafungu yanapangwa kwa kuangalia nani alikuwa hai siku ya kifo, na kujitoa kwa mtu baadae hakurudi nyuma kubadilisha siku ile.

Njia inayofuatwa mrithi akitoka kwa kuwaachia wenzake wote, na wanafiqhi wana jina lake, takharuji, ni hii: unamhesabu kwanza, unajua sehemu yake, alafu unaitoa pembeni, na waliobaki wanagawana mali kwa uwiano wa sehemu zao zile zile. Kwenu zilikuwa nane, ukitoa mbili za mkubwa zinabaki sita: mama moja, kaka mbili, kaka mbili, wewe moja. Milioni 120 kwa sita ni 20 kila sehemu. Kwaiyo mama 20, kaka wawili 40 kila mmoja, wewe 20. Ona tofauti na ya msimamizi wenu: wao wawili wamejiongezea milioni mbili kila mmoja, wewe umeongezewa moja, na hizo zote tano zimetoka kwa mama. Sisemi alikusudia, watu wengi sana wanaifanya hesabu hii kwa nia njema tu, lakini ndo kilichotokea na mama kunyamaza kwake si kwamba karidhika.

Ila hiyo ya takharuji nayo si ya kwenu, sababu kaka mkubwa hajawaachia nyote. Amekwambia mwenyewe anataka liende kwa mama. Hapo jina lake linabadilika, ni hiba, zawadi ya mtu mzima mwenye akili timamu kumpa mama yake kitu anachokimiliki. Sehemu zake mbili zinaungana na moja ya mama, mama anakuwa na tatu kati ya nane, kwa bei ya leo milioni 45. Kaka wawili wanabaki na 30 zao, wewe 15 zako, hakuna aliyeongezewa wala kupunguzwa. Mama kutoka 15 ya msimamizi mpaka 45, tofauti yote hiyo inategemea sentensi moja kwenye karatasi.

Na karatasi yenyewe sasa. Sijaiona ila nabashiri imeandikwa ile ya kawaida inayochapwa steshenari zilizojaa karibu na mahakama, "mimi fulani najitoa kwenye mirathi ya marehemu fulani na sitadai chochote". Karatasi ya namna hiyo haisemi fungu ni kiasi gani, haisemi linakwenda kwa nani, haisemi kama ni nyumba tu au na hela za benki na kila kitu, na haisemi kama kuna malipo. Kila palipoachwa wazi ndo ugomvi utaingilia. Pia huwa inaitwa kiapo. Kiapo ni mtu kuapa kuwa jambo fulani ni kweli, kinasaidia kama ushahidi wa nia yake, lakini mnachotaka hapa ni hati ya kutoa fungu, yenye mtoaji, mpokeaji na kitu kinachotolewa.

Mwambie kaka asisaini iliyotumwa. Aandae nyingine na wakili, maneno ya msingi yawe hivi kwa Kiswahili cha kawaida: mimi fulani, mtoto wa marehemu fulani, ni mrithi halali, fungu langu kwenye nyumba iliyopo mahali fulani ni sehemu mbili kati ya nane, nimelitoa lote kwa mama yangu mzazi fulani, kwa hiari yangu bila malipo wala kulazimishwa, pamoja na kodi za wapangaji za fungu hilo tangu siku ya kifo cha baba, naye mama amekubali kupokea. Mama naye asaini kwa mkono wake kuwa amepokea, hilo wengi wanasahau na hiba bila mpokeaji kukubali ina kilema. Tumieni sehemu, msiandike milioni 30, sababu bei ya dalali leo si bei ya nyumba ikiuzwa miaka mitano mbele, na hapo mtu atasema mama alipewa milioni 30 tu, ziada irudi.

Yeye akiwa Maskati haina haja ya kupanda ndege kwa ajili ya sahihi, ubalozi wetu upo pale Maskati, asaini mbele ya ofisa wao au mthibitishaji wa huko anayetambulika, alafu ile orijino aitume. Picha ya wasapu itawasaidia kujua imesainiwa lakini mahakamani pelekeni orijino. Meseji zake za simu ambazo anasema "ni ya mama" zitunzeni, msizifute, ikitokea mabishano zinaonyesha nia yake ilikuwa nini tangu mwanzo.

Kuhusu hii milioni 10 ya shukrani nakuomba uwe macho sana. Mtu akitoka kwenye fungu lake kwa kulipwa, swali la kwanza ni hela imetoka mfuko wa nani. Ikitoka kwenye mali ya marehemu, waliobaki wanagawana kwa uwiano kama nilivyoonyesha. Ikitoka mfukoni kwa mrithi mmoja, huyo mmoja ndo amelinunua fungu. Sasa tazama, kaka wa pili akituma milioni 10 na karatasi ikasema kaka mkubwa amejitoa na amepokea milioni 10 kutoka kwa fulani, kesho kutwa anaweza kusimama mbele ya hakimu akasema sehemu zile mbili ni zangu, nimezilipia. Na atakuwa na hoja! Fungu la milioni 30 limekwenda kwa 10 na mama kabaki na thumni yake. Kama kweli anataka kumshukuru ndugu yake amtumie tu, lakini iwe nje ya jambo hili kabisa, na kwenye hati iandikwe wazi "bila malipo yoyote kutoka kwa mtu yeyote".

Hati ikishakamilika haifanyi kazi ikiwa kabatini. Msimamizi ana fomu mbili za kurudisha mahakama ya mwanzo, Fomu Na. V ya orodha ya mali na madeni na Fomu Na. VI ya hesabu na mgawanyo, na kanuni inampa miezi minne tangu alipoteuliwa kurudisha ile Na. V, akihitaji zaidi anaiomba mahakama, na ile Na. VI anairudisha kwa muda ambao mahakama itapanga. Sasa kwenye hiyo Fomu Na. VI asimfute kaka mkubwa. Aandike warithi wote watano na mafungu yao ya asili, nane zikionekana zote, kisha aeleze kuwa sehemu mbili za fulani zimetolewa kwa mama kwa hati ya tarehe fulani na aiambatanishe. Hapo hakimu akisoma anaona safari nzima ya mali ilivyokwenda. Fomu inayoonyesha warithi wanne wakati muhtasari wa kikao cha ukoo ulitaja watano, hakimu makini atauliza wa tano yuko wapi, na mkikosa jibu la maandishi kutoka kwake mwenyewe hesabu inarudishwa. Muhtasari wa kikao kusema "familia imekubaliana amejitoa" hautoshi, familia haiwezi kumtoa mtu, anajitoa yeye.

Kama kaka wa pili atang'ang'ania hesabu yake, nendeni wewe na mama hapo hapo kesi ilipo, kama mirathi ilifunguliwa kwenye kile kituo jumuishi cha masuala ya familia Temeke basi ni hapo hapo kwenye mahakama yake ya mwanzo, mueleze kwa maandishi kuwa mnapinga mgawanyo kabla hakimu hajaufunga. Kabla ya kufungwa ni jambo la barua na siku ya kusikilizwa. Baada ya kufungwa na nyumba kubadilishwa majina ni jambo la miaka.

Hofu yako ya wifi ina mantiki lakini imeelekea upande usio hatari. Fungu la kaka kwenye nyumba ya baba yake ni mali yake binafsi, si mali waliyochuma pamoja na wala si nyumba wanayoishi, kwaiyo akiwa hai na akili timamu anaweza kulitoa na mke wake hana cha kudai kwa mama yenu. Mwambieni tu amshirikishe mkewe kwa heshima, inapunguza maneno. Hatari ya kweli ni kuchelewa. Fungu ni lake tangu baba alipofariki, je na yeye Mungu akimchukua leo kabla hajakamilisha? Zile sehemu mbili zinakuwa mirathi yake yeye, zinaingia kwa mke wake na watoto wake, na kwa mama naye kama mzazi wake akipata sudusi, yani moja ya sita. Neno lake la simu "ni ya mama" halitawazuia wale watoto, na kama ni wadogo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuwaachia haki yao kwa niaba yao, si mama yao wala amu yao. Vivyo hivyo asingoje mpaka awe kwenye ugonjwa wa kufa ndo asaini, zawadi ya kitandani kwa mrithi wake inahesabiwa kama wasia na warithi wengine wana haki ya kuikataa.

Na hiba kwa madhehebu yetu huku pwani haikamiliki mpaka aliyepewa ashike, kabla ya hapo mtoaji anaweza kubadili mawazo. Nyumba haibebeki, lakini kodi inabebeka. Mfano wapangaji wenu kwa ujumla wanalipa laki nne kwa mwezi, kila sehemu ni elfu hamsini, mama kuanzia mwezi wa hati apewe laki na nusu, si elfu hamsini ya thumni peke yake, na aandikiwe risiti au itumwe kwa simu yake ili iache alama. Hiyo pamoja na Fomu VI na baadae jina lake kuingia kwenye umiliki ndo kushika kwenyewe. Na kodi zilizokusanywa tangu baba afariki msimamizi anatakiwa azionyeshe kwenye hesabu, nazo zina sehemu nane hizo hizo.

Kitu kingine kaka mkubwa akijue ili asije kusema hakuambiwa. Anampa mama, na mama siku yake ikifika zile sehemu tatu zitakuwa mirathi ya mama, na hapo kaka mkubwa atakuwa mrithi tena kama nyie wengine. Kujitoa kwake kwa baba hakumtoi kwa mama, na hata hati ikiandikwa "sitadai mali yoyote ya familia milele" sehemu hiyo haina nguvu, mtu hawezi kuachia mirathi ya mzazi aliye hai sababu bado hakuna mirathi. Kaka wa pili akikwambia mkubwa alishajitoa moja kwa moja, mjibu hivyo. Na watoto wa kaka mkubwa nao hawaingii mahali pa baba yao kwenye nyumba hii kwavile yeye alirithi kwanza ndo akatoa.

Fanya hivi mwanangu: mpigie kaka leo usiku umsomee ile hesabu ya sehemu nane, umwambie asisaini wala asipokee hela, kisha kesho umuombe kaka wa pili akuonyeshe barua ya usimamizi uone tarehe aliyoteuliwa, na akwambie mahakama imempangia lini kurudisha Fomu Na. VI, ili mjue muda unaishia lini. Kama umekaribia au umepita, aandike barua ya kuomba muda hapo mahakamani akieleza anasubiri hati kutoka Maskati.